Paka Akipatwa na Degedege

Saa mbili na nusu usiku, jirani yangu alinigongea mlango. Paka wake, jike la miaka mitatu, alikuwa ameanguka ubavu sakafuni, miguu imekakamaa. Kisha akaanza kuirusha kama anayeogelea. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni, mate yanamtoka, mkojo umemwagika. Mtoto mmoja alishika kijiko, akitaka kumtia mdomoni asije akameza ulimi. Bibi wa nyumba alishakuja na kikombe cha maziwa. Shangazi mtu, yeye, alisema paka kapagawa.

Hakuwa amepagawa. Degedege la paka ni kama lile la binadamu: seli za ubongo zinatoa ishara za umeme zote kwa mpigo bila mpangilio, na misuli inafuata. Mnyama hana fahamu na hajui anachofanya. Ulimi haumezwi, ni hadithi tu. Kinachotokea kweli ni mtu kung'atwa vibaya, maana taya zikifunga hazimtambui mwenyewe wala mgeni. Maziwa nayo, kama mafuta na maji, humwendea mapafuni mnyama asiyeweza kumeza.

Kwa hiyo kijiko kiliwekwa kando na maziwa yakarudi jikoni. Tulisogeza meza ndogo na kiti asije akajigonga, tukazima televisheni, tukapunguza taa, tukawatoa watoto. Paka mwenyewe hatukumgusa. Angekuwa ukingoni mwa ngazi au barazani juu, tungemvuta kwa khanga nene, tukimshika upande wa mgongoni, mbali na mdomo.

Jambo la pili lilikuwa saa. Katika hali ile dakika moja huonekana kama kumi, ndiyo maana usikisie: tazama simu. Mtikisiko mwingi huisha ndani ya dakika moja au mbili. Ukivuka dakika tano, au ukirudi kabla paka hajazinduka, au ukitokea mara mbili tatu ndani ya saa 24, hiyo ni dharura ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Misuli inayofanya kazi bila kupumzika huchemsha mwili, na joto likizidi ubongo huumia. Mkiwa njiani, fungua madirisha ya gari na umlowanishe nyayo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Barafu usitumie.

Simu ile ile iliyotupa saa ilitufaa kwa kazi nyingine: kijana wa nyumba alirekodi video. Mara nyingi paka akifika kwa daktari ameshatulia, na daktari hana cha kuona. Kuna paka wanaozimia kwa ugonjwa wa moyo: huanguka wakiwa wamelegea, kisha huinuka haraka kama hakukuwa na kitu. Kuna wengine ambao degedege lao halifiki mwili mzima, huchezesha uso upande mmoja tu, hutafuna hewa, hutokwa mate au hukimbia ovyo. Sekunde thelathini za video humwonyesha daktari yote hayo kuliko maelezo marefu.

Yetu ilidumu dakika moja na sekunde arobaini. Baadaye paka aliinuka akayumba, akagonga ukuta kama kipofu. Hilo ni la kawaida na laweza kuchukua dakika kadhaa au saa kadhaa. Lakini jambo moja halikuwa la kawaida: masikio na ngozi ya mgongo viliendelea kurukaruka. Nikamuuliza jirani, "Leo kapakwa dawa yoyote?"

"Ya viroboto tu," alinijibu. "Ile ya mbwa. Nimemtilia matone shingoni saa kumi."

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Dawa nyingi za viroboto na kupe za mbwa zina sumu ya wadudu iitwayo pemethrini. Kwenye chupa huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, na herufi zake nne za mwanzo ni P, E, R na M. Ini la mbwa huivunja na kuitoa. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya cha kazi hiyo, basi sumu hubaki mwilini na kuchokoza mishipa ya fahamu. Baadhi ya matone ya mbwa yana pemethrini zaidi ya asilimia 40, na mililita moja ya namna hiyo yaweza kumuua paka wa kilo nne. Kumpimia kidogo kwa kuwa yeye ni mdogo hakumwokoi. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa, au kumlamba, kwaweza kumdhuru.

Kwa kuwa alikuwa ameshazinduka, tulimwosha shingo na mgongo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, inayokata mafuta ya dawa. Maji ya moto hutanua mishipa ya ngozi na kuingiza sumu zaidi; ya baridi humtetemesha. Tukamkausha, tukamfunga taulo, tukaondoka naye pamoja na ile chupa.

Daktari alianza na chupa. Kisha maswali: imeanza saa ngapi, imedumu muda gani, mara ngapi, amekula nini, amechanjwa kichaa cha mbwa, ameanguka au kugongwa, panya wametegewa sumu karibuni? Majibu hayo ndiyo yanayoamua vipimo. Paka mwenye kisukari anayedungwa insulini anaweza kuwa ameishiwa sukari. Ini au figo zikishindwa, uchafu wa damu huufikia ubongo, na damu itaonyesha. Kwa paka mzee anayepata degedege kwa mara ya kwanza, uvimbe wa ubongo hufikiriwa. Kwa kijana, maambukizi. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana kipo pia, ila hutajwa baada ya hayo mengine kuondolewa.

Kichaa cha mbwa kisisahaulike huku kwetu. Paka ambaye hajachanjwa, aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia au kushindwa kumeza, asishikwe kwa mikono mitupu. Akimng'ata mtu au kumkwaruza, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Paka wa jirani alidungwa sindano za kutuliza misuli, akawekewa dripu, akarudi nyumbani siku ya tatu. Hakuhitaji dawa ya kudumu, maana chanzo kimeondoka. Wenye degedege la kujirudia hupewa fenobabitali, kwa kawaida kila baada ya saa 12, na kosa kubwa ni kuikatiza ghafla kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima: degedege laweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Vidonge vya binadamu usimpe kwa kukisia. Kidonge kimoja cha panadoli kinaweza kumuua.

Jirani sasa ana daftari dogo juu ya jokofu. Ameandika tarehe, saa, dakika na kilichotangulia, pamoja na namba ya daktari. Ukurasa wa kwanza bado ndio wa pekee. Nawe kabla ya kumpaka paka wako dawa ya viroboto, igeuze chupa usome. Ikiwa imeandikwa ya mbwa, mwachie mbwa.