Al-Inkishafi: Moyo Unavyopanda na Kushuka

Kijana mmoja hapa Milimani, Nakuru, aliniambia Al-Inkishafi ni huzuni tupu. Nikamwambia aifuate ubeti kwa ubeti. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aanza kwa utulivu, akimhimidi Mola. Kisha aukaripia moyo wake, na sauti yapanda. Akifika kwa matajiri wa Pate, atuonyesha taa zinazowaka na vitanda vya fahari, hadi msomaji mwenyewe atamani. Kwangu mimi, hicho ndicho kilele. Mara yaja mauti na kaburi, na majumba yale yale yajaa popo. Madaka ya sahani yamekuwa viota vya ndege. Anguko lauma kwa sababu ulikwisha kutamani. Mwishoni huzuni yageuka hofu: Jahanamu.