Tawi Limekatika, Wafanyakazi Waambiwe Nini?

Tuseme tawi la kampuni mjini Morogoro limefungua milango saa 2:00 asubuhi, na mfumo wa mauzo ulioko makao makuu Dar es Salaam haufunguki. Mtaalamu wa TEHAMA hajajua chanzo, lakini tayari anadaiwa ujumbe kwa wafanyakazi. Wengi huandika “kuna tatizo la mtandao, tunalishughulikia”, kisha kila mtu anajitafutia maelezo yake. Wapo watakaokumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, na watajiaminisha kuwa ni yaleyale.

Ujumbe wenye msaada ungesema hivi: “Tangu saa 2:00, tawi la Morogoro haliingii kwenye mfumo wa mauzo. Intaneti ya ofisini ipo. Matawi mengine yanaingia. Kwa sasa mauzo yaandikwe daftarini.”

Maneno hayo machache yana vipimo nyuma yake. Kwenye kompyuta ya tawini ziliandikwa amri mbili:

```
ping 8.8.8.8
ping 10.20.0.5
```

Anwani ya kwanza ni ya Google. Ilijibu, kwa hiyo intaneti ya tawi ni nzima. Ya pili ni seva ya makao makuu, nayo ilikaa kimya. Kimya peke yake hakithibitishi kitu, kwa kuwa zipo seva zilizowekwa zisijibu ping kabisa; lakini hii iliyajibu matawi mengine asubuhi hiyohiyo. Shaka ikabaki kwenye VPN, ile njia ya faragha ambayo ruta ya tawi huifungua ndani ya intaneti hadi makao makuu.

Usiku umeme ulikuwa umekatika, na hapo wanapatikana washukiwa wawili. Ruta isiyo na betri ya saa ikizimika inaweza kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Ikisoma cheti cha kidijitali cha makao makuu, inaona muda wake wa kuanza kutumika haujafika, na inakikataa. Mshukiwa wa pili ni anwani: baada ya kuwaka, huenda ruta imepewa na kampuni ya intaneti anwani mpya, huku makao makuu yakiendelea kuisubiri ile ya zamani.

Kwa hiyo ujumbe unaongeza: “Tunashuku ruta, bado hatujathibitisha. Kwanza tunaangalia tarehe yake. Ikiwa sahihi, tutalinganisha anwani yake na iliyosajiliwa makao makuu. Taarifa inayofuata ni saa 4:00, hata kama hakuna jipya.”

Sentensi ya mwisho ndiyo mtaalamu asiyopaswa kuisahau: “Tafadhali msizime ruta.” Ruta nyingi huweka kumbukumbu za matukio kwenye memori inayofutika umeme ukiondoka. Mfanyakazi mwenye nia njema akichomoa waya, mstari unaoeleza kwa nini cheti kilikataliwa unafutika kabla haujasomwa.