Mazungumzo yapo, faili halipo

Muuza duka anapakia faili la mauzo, mauzo_machi.csv, kwenye ChatGPT na kuagiza lisafishwe na kujumlishwa. Baada ya wiki tatu anayafungua mazungumzo yaleyale ili aendelee. Maandishi yote yapo na jina la faili linaonekana, lakini kiungo cha kupakua jedwali hakifanyi kazi, au linatokea kosa la `FileNotFoundError`.

Sababu ni kwamba maandishi na faili havikai pamoja. Hesabu hufanyika kwenye mashine ya muda, ambayo hufungwa mazungumzo yakikaa kimya. Ikifungwa, hupotea jedwali lililosafishwa na kila kilichohesabiwa humo, na huenda hata faili lililopakiwa lisipatikane tena humo.

Kosa likitokea ni afadhali, maana linaonekana. Hatari zaidi ni programu kuendelea kujibu kwa kutegemea maandishi ya zamani, ikatoa tarakimu zenye sura ya ukweli bila kulisoma faili.

Basi pakia upya faili la awali, kwa jina lilelile, kisha agiza hatua za usafishaji zirudiwe tangu mwanzo, kwa sababu kupakia peke yake hakurudishi kazi iliyokwisha kufanywa. Kabla ya swali jipya, taka idadi ya mistari na jumla ya mauzo. Kama awali ilikuwa mistari 412 na sasa ni 430, huenda umepakia toleo jingine au safari hii mistari iliyojirudia haikuondolewa. Na jedwali likikamilika, lipakue siku hiyohiyo.