Sura ya 6: Kiu ya Mama Mjamzito na Rangi ya Mkojo Wake

Anayeshuka kutoka milima ya Masisi kwenda Walikale huhisi hewa ikibadilika kabla hajafika. Kule juu, kwenye malisho ya ng'ombe, mtu hutembea amejifunga kitenge mabegani na baridi humsahaulisha kunywa. Akifika Mubi, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayoelekea Kisangani, yuko katikati ya msitu mnene karibu na mstari wa ikweta. Hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki mwilini: linatiririka tu, linalowesha nguo, na mwili haupoi. Kwa hiyo mwili unazidi kutoa jasho. Mama mwenye mimba akiishi sehemu hizi mbili kwa nyakati tofauti, atahitaji maji ya viwango tofauti, na kanuni ya vikombe vinane kwa kila mtu haitamfaa. Vipimo viwili atakavyokwenda navyo popote ni kiu yake na rangi ya mkojo wake.

Tuanze na kiu, kwa sababu wengi huidharau. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima ukali wa chumvi katika damu. Chumvi ikizidi makali, mambo mawili hutokea: mtu anasikia kiu, na ubongo unatoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo huamuru figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyaachia yatoke. Mimba inapoingia, tangu wiki za mwanzo kabisa, kipimo hicho kinashushwa. Damu ya mama inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 3 au 4 kuliko alivyokuwa, na kiu inamjia mapema zaidi. Si ulegevu wala si tamaa. Mwili unaandaa damu ya watu wawili: hadi mwisho wa mimba, maji ya damu yake yatakuwa yameongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, yaani lita moja na zaidi juu ya yale aliyokuwa nayo. Damu hiyo ndiyo inayofika kwenye kondo la nyuma kumlisha mtoto, na ndiyo akiba ya mama siku ya kujifungua, damu itakapotoka.

Kondo lenyewe linaleta jambo jingine. Linatengeneza kimeng'enya kinachovunja vasopresini, hivyo ubongo wa mama lazima utoe homoni nyingi zaidi ili figo zisikie. Kwa wengi mambo yanakwenda sawa. Lakini yule asiyekunywa kwa masaa mengi huishiwa maji upesi kuliko alivyozoea kabla ya mimba, na ndiyo maana mama anayesema "zamani nilikuwa nafanya kazi hadi jioni bila kunywa" anasema kweli, ila mwili alionao sasa si ule wa zamani.

Sasa mkojo. Rangi yake ya manjano inatokana na takataka ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwa. Kila siku mwili hutoa takataka hiyo kwa kiasi kinachokaribiana. Kinachobadilika sana ni maji ya kuichanganyia. Maji yakiwa mengi, mkojo ni mweupe wenye umanjano kidogo. Yakipungua, takataka ileile inakaa katika maji machache na rangi inakolea. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, Lawrence Armstrong, alichapisha chati ya rangi nane, kutoka manjano hafifu hadi kahawia, na baadaye ikajaribiwa kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha na ikaonekana inafaa kwao pia. Mama wa Mubi hahitaji kuwa na chati hiyo. Anachohitaji ni kuona mkojo wake, jambo ambalo choo cha shimo hakimruhusu. Achukue chupa ya plastiki isiyo na rangi, aikate, akinge kidogo humo, aitazame kwenye mwanga wa mchana. Mkojo wa kwanza wa asubuhi usimtishe, huo hukolea kwa kila mtu aliyelala usiku kucha bila kunywa. Aangalie ule wa kati ya saa nne asubuhi na jioni. Ukiwa manjano hafifu, mambo ni mazuri. Ukianza kufanana na chai ya rangi, kuna deni la maji.

Tuchukue siku moja ya shamba. Mama ana mimba ya miezi saba. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda haja ndogo, anakunywa gobele moja ya chai. Hanywi zaidi kwa makusudi: njiani hakuna choo, na porini hajui atakutana na nani, labda mtu mwenye silaha. Saa kumi na mbili anaondoka. Anatembea masaa mawili, anang'oa mihogo hadi saa tano, kisha anarudi na kitunga mgongoni, ukanda wake ukiwa umekaza kwenye paji la uso. Saa saba mchana yuko nyumbani. Kwa kazi ya namna hiyo katika joto la msitu, jasho hufika kwa urahisi nusu lita kila saa. Masaa saba ni zaidi ya lita tatu, naye amekunywa robo lita. Akienda haja ndogo, mkojo unatoka kidogo, mzito wa rangi, na harufu kali. Kichwa kinamgonga. Akisimama ghafla, macho yanaingia giza na moyo unakimbia, kwa sababu damu ya kujaza mishipa imepungua. Mdomo umekauka hata mate hayapo. Tumbo linakaza, linaachia, linakaza tena.

Afanye nini? Akae kivulini, alale kwa ubavu wa kushoto, asianze kwanza kumenya mihogo. Anywe gobele mbili za robo lita polepole katika nusu saa ya kwanza, kisha gobele moja kila nusu saa. Kunywa lita mbili kwa mkupuo kutamtapisha, na maji matupu mengi mno kwa muda mfupi huzimua chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa. Asipite lita moja kwa saa. Kwa kuwa jasho limeondoka na chumvi, mojawapo ya lita hizo iwe ya pakiti ya chumvi na sukari inayotolewa kituo cha afya kwa wenye kuharisha, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Isipokuwepo, apime vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Chumvi isizidi hapo. Ale na chakula chake cha kawaida, maana mchuzi wa sombe, uji na papai pia vina maji. Ikifika saa kumi na mbili jioni atakuwa amekunywa zaidi ya lita mbili, na mkojo unapaswa kuwa umerudi manjano hafifu.

Kuhusu tumbo lile lililokaza, lazima niseme wazi, maana hapa watu hudanganyika. Upungufu wa maji huweza kulifanya tumbo la uzazi likaze, na kwa wengi mkazo huo hutulia ndani ya saa moja ya kunywa na kulala. Uchungu wa kweli wa kuzaa kabla ya wakati haukomeshwi na maji, wala na serumu ya mshipani. Mkazo ukiendelea kurudi kwa mpangilio mara nne au zaidi katika saa moja, mama aende hospitali. Ukija na damu au maji kutoka ukeni, hata hiyo saa moja asiingoje.

Siku inayofuata dawa yake iko asubuhi. Anywe gobele mbili mara anapoamka, na kabla ya kuondoka aende haja ndogo. Maji mengi ya ziada yatakuwa yameanza kutoka. Abebe chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, kwani kipindupindu hakijaacha Kivu ya Kaskazini, na kuharisha kutampokonya maji mengi kuliko aliyoyanywa. Watembee wawili au watatu, mmoja ainue kitenge mwenzake anapojisaidia. Naona hili ni la tiba kama pakiti yoyote: mama anayeogopa njia hatakunywa, hata umhubirie vipi.

Kwa siku ya kukaa nyumbani, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya hukadiria lita 2.3 kwa mama mjamzito, chakula kikiwemo, yaani gobele saba au nane za kunywa. Hicho ni kipimo cha hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani. Mubi, kiwe mwanzo tu. Wengine, miguu ikivimba, hushauriwa wapunguze maji. Ushauri huo haufai. Uvimbe wa miguu jioni hauletwi na maji ya kunywa, na kuyapunguza hakuuondoi. Ila uvimbe wa uso na mikono pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu ni dalili ya shinikizo la damu la mimba, na hiyo ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo.

Rangi nayo ina mipaka yake. Kasiksi na pombe nyingine huzuia vasopresini, hivyo mkojo hutoka mwingi na mweupe huku mwili unakauka. Weupe huo ni wa uongo, mbali na madhara ya pombe yenyewe kwa mtoto. Vidonge vya vitamini vinaweza kuufanya uwe manjano ya kung'aa bila shida yoyote. Tatizo kubwa ni upande wa pili, mkojo mweusi ambao maji hayauondoi. Mkojo wa kahawia pamoja na macho ya manjano unaonyesha ini, na homa ya ini aina ya E huua wajawazito kuliko watu wengine. Mkojo mwekundu au mweusi kama kahawa pamoja na homa unaweza kuwa malaria kali inayovunja chembe za damu. Mkojo wa kuunguza, wenye ukungu, ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo katika mimba hupanda hadi kwenye figo upesi.

Kwa hiyo, mama, jipe masaa sita ya kunywa vizuri. Mkojo ukibaki mweusi baada ya hapo, nenda kituo cha afya. Lakini ukiwa na homa au macho ya manjano, ukitapika kila unachokunywa, ukikaa masaa nane bila kukojoa, au mtoto akipunguza kucheza, usihesabu masaa yoyote: mwombe mtu akusindikize na uondoke sasa.