Nusu jumlisha theluthi: vipindi vinne au saba?

Mwanachuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huku Nyegezi aliniletea azimio lake la kazi la Hisabati, Darasa la Tano. Kwenye mstari wa kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti alikuwa ameandika vipindi vinne: cha kwanza kujumlisha, cha pili kutoa, cha tatu mafumbo, cha nne zoezi. Nikamuuliza vinne amevipata wapi. Akajibu, "Mwalimu, kitabu kina vichwa vinne."

Jibu hilo nimelisikia kwa walimu wengi, hata waliokaa kazini miaka mingi. Kichwa cha habari kitabuni humsaidia msomaji kujua yuko ukurasa gani. Hakisemi mtoto atakwama wapi, na mahali anapokwama ndipo panapokula vipindi.

Nilimwomba afunge kitabu, aandike swali la mwisho ambalo angetaka mwanafunzi wake aliweze mada ikiisha. Akaandika: mvuvi aliuza nusu ya samaki wake asubuhi na theluthi jioni, ilibaki sehemu gani? Kisha nikamwomba alifanye polepole, na kila anapofanya uamuzi aweke alama pembeni. Uamuzi wa kwanza ni kutambua kwamba 1/2 na 1/3 hazijumlishiki zilivyo, kwa sababu vipande vyake havilingani ukubwa. Wa pili ni kuipata 6. Wa tatu, kuigeuza 1/2 iwe 3/6 na 1/3 iwe 2/6. Wa nne, kujumlisha viasi na kuiacha asili kama ilivyo, apate 5/6. Wa mwisho ni kukumbuka kwamba samaki wote ni 6/6, kwa hiyo imebaki 1/6. Mtu mzima hupita hatua hizo zote kwa pumzi moja, ndiyo maana anaposhika kalamu kupanga, anaziona kama somo moja.

Hatua tano si lazima ziwe vipindi vitano. Nyingine watoto wanazo tayari. Kujua zipi, tuliwapa darasa swali moja tu kwenye vipande vya karatasi, 1/2 + 1/3, dakika tano. Hatukusahihisha kwa alama; tulipanga karatasi katika marundo kwa kufuata jibu.

Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la 2/5. Hawa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kwao sehemu ni namba mbili zilizopandana, bado haijawa kiasi kimoja cha kitu. Ushahidi ni kwamba hawakushtuka: 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo, yaani wameongeza wakapungukiwa. Rundo la pili lilikuwa la 2/6. Kosa lao linafanana na lile la kwanza kwa macho tu. Hawa wameitafuta KDS, wakaipata 6, wakaiandika chini, lakini viasi wakaviacha vilivyo. Wanajua kutafuta 6 bila kujua wanaitafutia nini.

Marundo yote mawili yanaonyesha shimo moja: sehemu zilizo sawa, yaani kwamba 1/2 ni kitu kilekile na 3/6. Hapo ndipo kipindi cha kwanza kilipotakiwa kwenda, na azimio halikuwa nacho kabisa. KDS, ambayo mwanachuo wangu sasa alitaka kuirudia kipindi kizima, haikuhitaji zaidi ya maswali mawili ya kuamshia akili.

Tukaja kwenye ukubwa wa kipindi. Ratiba inasema dakika 40. Darasani mna watoto zaidi ya sabini: dakika tano huishia kwenye kutulia na kugawa madaftari, na kumi za mwisho lazima zibaki kwa kusahihisha ubaoni, maana ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari, madaftari sabini yanakula karibu vipindi viwili. Zinabaki dakika 25 za kufundisha na kufanya mazoezi. Kwa uzoefu wangu dakika hizo zinabeba uamuzi mmoja mpya, si miwili. Namna rahisi ya kupima ni kulisoma lengo la andalio la somo: likiwa na vitenzi viwili vilivyounganishwa na "na", mara nyingi ni vipindi viwili vimefungwa kamba moja.

Mara nyingi, lakini si kila mara. Kujumlisha na kutoa, ambavyo kitabu kilivitenganisha, hapa ni kitu kimoja. Anayejua kugeuza 3/4 na 2/5 ziwe 15/20 na 8/20 atajumlisha au atatoa bila shida mpya. Mpaka wa kweli uko kwenye asili zenyewe. Katika 1/2 + 1/4 unageuza sehemu moja tu. Katika 1/2 + 1/3 unageuza zote mbili. Katika 1/6 + 3/4 ukizidisha asili kwa asili unapata 24, jibu linakuwa sahihi lakini kubwa bila sababu, wakati 12 ingetosha: 2/12 + 9/12 = 11/12. Hizo ni hatua tatu tofauti kwa mtoto, kila moja na kipindi chake.

Kisha zinakuja namba mchanganyiko, na humo mna mtego mmoja. 1 1/2 + 2 2/3 inakwenda vizuri: 3 na 7/6, yaani 4 1/6. Lakini 3 1/4 toa 1 1/2 inamkwamisha mtoto, kwa kuwa huwezi kutoa nusu kwenye robo. Inabidi avunje kizima kimoja, 3 1/4 iwe 2 5/4, ndipo atoe 1 2/4 apate 1 3/4. Kuvunja huko ni kipindi kinachojitegemea.

Hesabu ikawa hivi: sehemu zilizo sawa kimoja, hatua za asili vitatu, namba mchanganyiko viwili, na kimoja cha kurudi nyuma kwa watakaobaki. Saba. Kipindi cha mafumbo tulikifuta, tukaweka fumbo moja mwishoni mwa kila kipindi; fumbo likikaa peke yake siku moja, watoto wanajua mapema ni lazima wajumlishe, hawafikiri.

Vitatu vya nyongeza tulivipata kwa kupitisha jaribio kama lile kwenye mada iliyofuata, ambayo karibu darasa zima walikuwa wanaijua tayari. Isingekuwa hivyo, ningemshauri asogeze kuvunja kizima hadi muhula wa pili. Sehemu zilizo sawa nisingezigusa, hata kama wiki ya mtihani wa ujirani mwema ingekula vipindi vyake vyote vitano.

Kipindi cha kwanza nusura kiharibike, na hata hilo lilitufunza jinsi dakika zinavyopotea. Mwanachuo alichora sangara ubaoni, akamkata vipande vitatu, akauliza kila kimoja ni sehemu gani. Mtoto wa Luchelele akanyoosha kidole: "Mwalimu, kichwa na mkia si sawa na tumbo." Watoto wa ziwani wameona sangara akikatwa, na wanajua mapanki hayauzwi bei ya mnofu. Mtoto alikuwa sahihi kabisa: theluthi ni lazima zilingane. Dakika nane zikaenda kwenye ubishi. Ndipo tukagawa vipande vya karatasi, wakavikunja sehemu mbili, sehemu nne, sehemu nane, na nusu ikaonekana imelala juu ya robo mbili bila mtu kueleza.

Mwisho wa kila kipindi tuliweka maswali mawili ya hatua ya siku ile, tukapanga marundo tena. Baada ya kipindi cha tatu rundo la 2/5 lilikuwa limekwisha, lakini la 2/6 bado lilikuwa na watoto wengi, kwa hiyo kipindi cha kurudi nyuma tukakivuta mbele, kikawa cha nne. Darasa la mkondo wa pili, waliopewa jaribio lilelile, walihitaji vipindi sita.

Kwenye safu ya maoni ya azimio lake, mahali ambapo wengi huandika "mada imefundishwa", mwanachuo aliandika: "Vilipangwa 4, vimetumika 7. Anzia karatasi, si samaki. 2/6 ni tatizo la kugeuza kiasi, si la KDS."