Mstari wa Goodman: Fimbo Itadumu au Itakatika?

Chuma kinachovutwa na kulegezwa mara nyingi huweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba kwa urahisi kama ungetulia. Mhandisi Mjerumani August Wöhler aliuchunguza uchovu huu katika karne ya 19 kwa kupima ekseli za mabehewa ya reli. Aligundua kwamba chuma kina kiwango cha mkazo ambacho, kikibaki chini yake, hakikatiki hata kikizungushwa mamilioni ya mara. Hicho ndicho kikomo cha uchovu.

Tatizo ni kwamba kikomo hicho hupimwa kwa mkazo unaokwenda pande zote mbili sawasawa, mvuto kisha mgandamizo, ilhali vipande vingi vya mashine vina mzigo wa kudumu na juu yake mtikisiko. Mfano ni fimbo inayoning'iniza mashine ya kuchekecha kokoto. Uzito wa mashine unaivuta fimbo muda wote kwa megapaskali 120. Huo ni mkazo wa wastani. Mtikisiko unaongeza na kupunguza 60. Huo ni mkazo badilifu. Kwa hiyo mkazo hupanda hadi 180 na kushuka hadi 60, mara 900 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mizunguko milioni moja hutimia kwa muda usiofika saa 19, na ndiyo maana swali la fimbo kama hii ni kama itadumu daima, si itadumu siku ngapi.

Jibu hutafutwa kwenye mchoro unaobeba jina la John Goodman, mhandisi Mwingereza. Mhimili mlalo ni wa mkazo wa wastani, na mhimili wima ni wa mkazo badilifu. Kwenye mhimili wima huwekwa alama ya kikomo cha uchovu. Kwenye mhimili mlalo, alama ya nguvu ya kukatika, yaani mkazo unaokikata chuma kwa mvuto mmoja. Alama hizo mbili huunganishwa kwa mstari mnyoofu. Mkazo wa wastani ukiongezeka, nafasi iliyobaki kwa mtikisiko hupungua. Nukta ya fimbo ikiangukia chini ya mstari, fimbo inatarajiwa kudumu. Ikiwa juu, ufa utaanza siku moja. Kwa hesabu:

```
Sa/Se + Sm/Su < 1
```

Sa ni mkazo badilifu, Sm wa wastani, Se kikomo cha uchovu, na Su nguvu ya kukatika.

Chuma cha fimbo hukatika kwa megapaskali 600. Kwa vyuma vya aina hii kikomo cha uchovu maabarani ni takriban nusu ya hapo, yaani 300, lakini hicho ni cha kijiti kidogo kilichong'arishwa na kupimwa kwa kupindwa. Fimbo ya kiwandani ina alama za mashine ya kukerezea, huvutwa badala ya kupindwa, na chuma chenyewe hakilingani kipande kwa kipande. Makato hayo yote yakifanywa, hubaki kama 170. Hesabu inatoa 60/170 + 120/600, yaani 0.55. Fimbo iko salama kwa kiasi kikubwa.

Lakini fimbo ina tundu la pini, na pembezoni mwa tundu mkazo hujikusanya. Tundu hilo likichukuliwa kuwa linauzidisha mkazo mara mbili, desturi kwa chuma kinachonyumbulika ni kukizidisha kile kinachobadilika tu: 120/170 + 120/600, yaani 0.91. Bado iko chini ya moja, ila akiba imebaki ndogo. Kwa chuma cha kumimina, ambacho huvunjika bila kunyumbuka, wastani nao huzidishwa. Kutu ikiila fimbo hiyo hadi kikomo chake kishuke kufika 120, jumla inakuwa 1.2, na fimbo imevuka mstari bila mzigo kuongezeka hata kilo moja. Sehemu iliyokatika hivyo hutambulika: kuna eneo laini lenye mistari kama pete, kisha eneo la mwisho lenye makwaruzo makali.

Mstari huu una tahadhari ndani yake, maana matokeo mengi ya vipimo huangukia juu yake. Hata hivyo hauangalii kama chuma kitapinda na kutorudi. Hilo hukaguliwa kando kwa kulinganisha mkazo wa juu kabisa, hapa 180, na kiwango cha kupinda. Tena, kwa aluminiamu hakuna kikomo cha kudumu daima, kwa hiyo huchukuliwa nguvu yake kwa idadi maalum ya mizunguko.

Fimbo iliyochomelewa haihukumiwi kwa mchoro huu. Uchomeleaji huacha ndani ya chuma mkazo mkubwa uliofungwa, na mkazo wa wastani wa nje haubadilishi mengi tena. Kwa viungo hivyo, wahandisi huangalia tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini peke yake.