Kabla Kitambaa Hakijavutwa: Kuandika Maneno ya Mshereheshaji wa Uzinduzi

Katika uzinduzi rasmi wa bidhaa, mshereheshaji huzungumza kwa dakika chache kuliko mtu yeyote aliyepangwa kwenye ratiba, lakini ndiye anayepanda jukwaani mara nyingi kuliko wote. Kila anapopanda, kuna mtu anayeshuka na mwingine anayejiandaa kupanda. Hapo katikati ndipo shughuli nyingi huharibika: ukumbi unaanza kupiga soga, msemaji anainuka kabla hajaitwa, cheo kinatajwa vibaya, au fundi anafungua pazia wakati mgeni rasmi bado yuko kwenye kiti. Ratiba haiwezi kuzuia hayo, kwa sababu ratiba inasema nani atazungumza na saa ngapi. Inayozuia ni karatasi ya pili, mwongozo wa mshereheshaji, ambao huandikwa neno kwa neno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha kusindika alizeti mkoani Singida kinazindua mafuta ya kupikia ya chupa ya lita moja, baada ya miaka ya kuuza kwa madumu. Jina la mafuta na lebo yake ni siri hadi kitambaa kivutwe. Watakaozungumza ni Mkurugenzi Mtendaji, ofisa wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima, Mwenyekiti wa Bodi, na mgeni rasmi ambaye ni Mkuu wa Mkoa. Kuna pia filamu fupi ya dakika tatu kuhusu kiwanda. Ukijumlisha muda wao wote, bila kuharakisha mtu, shughuli inakaribia dakika 40.

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, mwandishi wa mwongozo anapiga simu kwa kila msemaji au katibu muhtasi wake. Anauliza jina kamili na namna linavyotamkwa, cheo kama kinavyoandikwa kwenye barua za ofisi yake, na swali moja zaidi: ni jambo gani moja angependa watu waondoke nalo? Jibu la swali hilo la tatu ndilo linalounganisha shughuli nzima. Usipolipata, utabaki na maneno yanayofaa msemaji yeyote, mahali popote: "hotuba nzuri sana, tumpigie makofi." Maneno hayo hayampeleki msikilizaji popote.

Kiungo kizuri kati ya msemaji na msemaji kina kazi tatu, na huzifanya kwa mpangilio uleule. Kwanza kinampokea anayeshuka kwa kutaja jambo moja alilosema. Pili kinaamsha swali ambalo msemaji anayefuata atalijibu. Tatu kinamtambulisha anayefuata, cheo kikitangulia na jina likiwa la mwisho kabisa. Jina linawekwa mwisho kwa sababu ya makofi. Watu hupiga makofi wanaposikia jina. Ukilitaja mwanzo kisha ukaendelea kueleza kazi na cheo, makofi yatameza maelezo yako, na mwenye jina atakuwa amesimama akisubiri umalize.

Hivi ndivyo kiungo kati ya Mkurugenzi na ofisa wa viwango kinavyoweza kuandikwa:

"Ahsante sana, Mkurugenzi Mtendaji. Tumesikia kwamba kuanzia leo kiwanda hakitauza kwa madumu peke yake.

Mnunuzi anayesimama dukani akiwa na chupa mkononi ana swali lake: nitajuaje kwamba yaliyomo yamepimwa? Mwenye jibu tunaye hapa ukumbini. Anatoka Shirika la Viwango Tanzania, na atatueleza bidhaa hukaguliwa vipi kabla haijapewa alama ya ubora. Mabibi na mabwana, tumkaribishe Bi. (jina)."

Soma maneno hayo kwa sauti huku umeshika saa. Kwa mwendo wa jukwaani, hayafikishi dakika moja, na kiungo hakihitaji zaidi ya hapo. Kwenye sehemu ya kwanza, acha pia mstari mtupu. Ukiwa umesimama pembeni, sikiliza hotuba kwa makini, na msemaji akisema jambo zito kuliko ulilolitarajia, liandike kwa kalamu mahali hapo na ulitumie. Jambo moja linatosha, kwa kuwa ukumbi umetoka kuisikia hotuba yenyewe na hauhitaji kurudiwa.

Utaona kiungo hicho kimegawanyika aya mbili. Kuna sababu. Aya ya kwanza inaandikwa kwenye kadi ya msemaji anayeshuka, na ya pili kwenye kadi ya anayepanda. Kila msemaji anakuwa na kadi yake: juu maneno ya kumkaribisha, chini maneno ya kumpokea anapomaliza. Maneno ya kumkaribisha hayamtaji kabisa aliyemtangulia. Ukiandika "kama alivyosema Mkurugenzi" kwenye kadi ya ofisa wa viwango, umezifunga kadi hizo mbili pamoja, na ratiba ikivurugika zitakukwama mkononi.

Na ratiba huvurugika. Tuseme shughuli ilipangwa kuanza saa 4:00 asubuhi, na simu inakuja kwamba msafara wa Mkuu wa Mkoa utachelewa kwa dakika 25. Wenyeji wakikubali kuanza, swali ni nini kinaweza kupita bila mgeni rasmi kukosa kilichomleta. Mkurugenzi hawezi kutangulia, maana ndiye mwenyeji na hotuba yake inamlenga mgeni. Mkulima naye asitangulie, kwa sababu maombi ya wakulima yanapaswa kufika kwenye masikio yanayohusika. Vinavyobaki ni filamu na maelezo ya ofisa wa viwango, naye aulizwe kwanza kama yuko radhi. Mshereheshaji anazitoa kadi hizo mbili katikati na kuziweka juu. Swali la mnunuzi aliyesimama dukani linasimama vilevile bila kubadilishwa neno. Ukumbi hauoni kwamba kuna kilichohamishwa, na mgeni rasmi anapoingia anakuta watu wametulia.

Kumkaribisha mgeni rasmi kuna utaratibu wake, na hapa ndipo wasiozoea hukosea zaidi. Kwa desturi za shughuli rasmi nchini Tanzania, mshereheshaji hamwiti mgeni rasmi moja kwa moja aje kuhutubia. Anamwita mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemkaribisha. Katika mfano wetu kadi itasema: "Naomba sasa nimkaribishe Mwenyekiti wa Bodi, ili naye atukaribishie mgeni wetu rasmi." Ikitokea Mkuu wa Mkoa ametuma mtu, kila kadi inayomtaja ibadilishwe kwa kalamu kabla ya kuanza, isomeke "anayemwakilisha Mkuu wa Mkoa", pamoja na jina na cheo cha aliyekuja. Mwakilishi huyo ndiye mgeni rasmi wa siku hiyo na anastahili heshima zote za nafasi hiyo. Kutaja tena na tena kwamba mwenye nafasi hakuweza kufika ni kumvunjia heshima aliyefika.

Orodha ya kutambua waheshimiwa nayo ipangwe mapema. Ikiwa wasemaji watano kila mmoja ataanza kwa kutaja meza kuu yote, dakika nyingi zitakwisha kabla ya hoja ya kwanza. Kwa hiyo meza kuu itambulishwe mara moja mwanzoni, kwa mpangilio uliothibitishwa na ofisi ya mgeni rasmi, kisha wasemaji waombwe mapema watumie "itifaki imezingatiwa" na kuendelea.

Sasa tufike kwenye tukio lenyewe, kuvuta kitambaa. Mgeni rasmi kwa kawaida humaliza hotuba kwa maneno kama "natamka kwamba bidhaa hii imezinduliwa rasmi." Fundi wa muziki na fundi wa taa wakisubiri maneno hayo, wanaweza kubabaika, kwa sababu huenda yakasemwa akiwa bado kwenye mimbari, mbali na kitambaa. Hivyo, mwandishi wa mwongozo anaomba nakala ya hotuba, na makubaliano yanafanywa na wasaidizi wa mgeni: atoe hotuba, asogee hadi kwenye meza ya bidhaa, kisha atamke maneno ya uzinduzi akiwa amekwisha kushika kamba. Kadi ya mshereheshaji inasema hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima tunakuomba usogee kwenye meza iliyo kulia kwako. Mkurugenzi Mtendaji na mwenyekiti wa ushirika wataungana nawe." Chini yake, kwa rangi nyingine na bila kusomwa kwa sauti, imeandikwa: "Ngoja hadi wote watatu wasimame. Wapiga picha wawe tayari. Inua mkono: muziki." Mafundi wote wanafuata mkono huo peke yake. Hata mgeni akibadilisha maneno ya hotuba yake, ishara haibadiliki.

Hadi wakati huo jina la mafuta halionekani popote kwenye kadi. Mwongozo mzima husema "bidhaa tunayoizindua leo", na jina linaandikwa kwa mara ya kwanza kwenye kadi inayofuata kuvutwa kwa kitambaa. Msomaji aliyechoka husoma kile kilicho mbele ya macho yake, hivyo njia ya uhakika ya kulinda siri ni kutoiandika mapema. Bei nayo aitangaze Mkurugenzi, mwenye mamlaka nayo. Sifa za bidhaa zinahitaji uangalifu zaidi. Mshereheshaji mwenye furaha anaweza kujikuta akisema mafuta haya yanatibu moyo au yanashinda yote sokoni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maneno yaliyosemwa kwenye kipaza sauti cha kampuni yatahesabiwa kuwa ni ya kampuni. Kwenye mwongozo ziingie zile sifa tu ambazo kampuni imezithibitisha, na kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye lebo.

Mwongozo ukikamilika, uchapwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali, sentensi isikatike kati ya kadi na kadi, na kila kadi iwe na namba. Kisha ufanyike mjarabu ukumbini, mafundi wote wakiwepo, bila kusoma hotuba zenyewe. Mshereheshaji asome viungo tu: mwisho wa huyu, mwanzo wa yule, kipaza sauti kinakopelekwa, anayepanda anatokea upande gani. Zoezi hilo ni fupi, na ndilo linalofichua kwamba mkulima ameketi safu ya mwisho na atahitaji muda kufika jukwaani. Hilo likijulikana, ni rahisi kulirekebisha: mhudumu amsogeze mbele wakati filamu inaonyeshwa.

Kadi ya mwisho ni ya baada ya neno la shukrani. Ukumbi ukishapiga makofi na picha zikishapigwa, watu huachwa wamesimama bila kujua waende wapi. Kadi hii iwaambie kwa mpangilio: mgeni rasmi na meza kuu watatoka kwanza, waandishi wa habari watamkuta Mkurugenzi kwenye chumba fulani, na wageni wengine waelekee kwenye meza za kuonja vyakula vilivyopikwa kwa mafuta mapya. Itaje jina la bidhaa kwa mara ya mwisho na mahali itakapouzwa kuanzia siku hiyo, kwa kuwa ndilo jambo ambalo kampuni ilitaka kila mgeni aondoke akilijua.